SOMO: KUTAMBUA KIKAPU KIMETOKA WAPI



Chama kimoja cha msingi katika Nyanda za Juu Kusini kilipokea agizo la vikapu 60 vya Iringa, vya kusimama, vyenye kimo cha sentimita 30. Vikapu vilikusanywa, vikahesabiwa, vikafungwa katika magunia na kupelekwa. Baada ya majuma sita ilikuja barua, na pamoja nayo kifurushi. Mnunuzi alisema kwamba miongoni mwa vikapu 60 alikuwa ameona 4 ambavyo kwa maoni yake si vya Iringa, na kwamba malipo ya vyote 60 yangezuiwa mpaka chama kieleze kwa maandishi asili ya hivyo 4. Ndani ya kifurushi vilikuwamo vikapu vyenyewe, vikiwa na namba 11, 23, 38 na 52.

Katibu wa chama alifungua daftari la mapokezi. Humo mlikuwa na jina la mwanachama, idadi na bei, basi. Hapakuwa na neno moja juu ya kikapu kilisukwa na nani, wapi, kwa nyasi gani. Hivyo wanachama ambao vikapu vyao 56 havikutiliwa shaka walikaa bila fedha kwa ajili ya vikapu 4 ambavyo hakuna aliyeweza kuvisemea. Katibu aliniletea vikapu hivyo ofisini, akaviweka mezani, akasema, "Ndugu, mimi naona vikapu tu." Somo hili ni maelezo ya yale tuliyoyafanya siku ile.

Pambo litazamwe mwisho

Mtu asiyezoea kazi hii hutazama kwanza pambo, yaani mistari, rangi na maumbo yaliyo ubavuni mwa kikapu. Hilo ndilo kosa kubwa. Pambo ni kitu chepesi kusafiri kuliko vyote. Mama akiona kikapu cha mgeni sokoni, aweza kurudi nyumbani akaliiga pambo lake kabla ya juma kwisha, na mnunuzi aweza kuleta picha na kusema, "Nisukieni kama hiki." Jambo lisilosafiri upesi ni mkono wenyewe, yaani namna vidole vilivyofundishwa tangu utotoni kuanza kitako, kukaza na kumaliza mdomo. Mali ghafi nayo husafiri polepole, kwa kuwa msukaji wa kijijini hutumia mmea uliomo bondeni kwake.

Kwa hiyo tulikubaliana na Katibu kwamba kila kikapu tukitazame kwa utaratibu mmoja: kwanza mkono, kisha kitako, kisha mali ghafi, kisha mdomo. Pambo tulilifunika kwa gazeti mpaka hayo mengine yawe yameandikwa.

Mikono mitatu

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki vikapu vingi vinavyofika vyamani hutengenezwa kwa mojawapo ya njia tatu. Zipo nyingine, kama ile ya ungo wa matete yaliyopasuliwa, lakini anayezijua hizi tatu hatapotea mara nyingi.

Njia ya kwanza ni ya kusuka ukili. Majani membamba ya ukindu au ya miyaa hupishanishwa kwa mshazari mpaka yatoke kama utepe mrefu, wenye upana wa vidole viwili au zaidi. Utepe huo ndio ukili. Kikapu hakisukwi kwa mara moja. Ukili huanzwa katikati ya kitako, ukazungushwa na kupanda juu, na ukingo wake mmoja ukashonwa na ukingo wa mzunguko uliotangulia. Ukitaka kuutambua mkono huu, tafuta mstari wa mshono unaopanda kikapu kwa kuzunguka, kama njia ya mlimani. Kila jani utaliona linakwenda mshazari, wala hakuna linalosimama wima.

Njia ya pili ni ya nyuzi mbili zinazosokotana. Hapa kuna mtande, yaani nyuzi au mabua yanayotoka kitakoni kwenda mdomoni, na kuna mshindio, yaani nyuzi zinazozunguka. Tofauti na kitambo cha nguo ni kwamba mshindio huenda wawili wawili. Mmoja hupita mbele ya mtande, mwenzake nyuma, kisha hupishana kabla ya kufika mtande unaofuata, na aliyekuwa mbele huenda nyuma. Ubavu wa kikapu huonekana kama umefunikwa na kamba nyembamba zilizolala moja juu ya nyingine, na kila kishono kimeinama upande mmoja. Ukiwa na shaka, ukunje ubavu kidogo, uchunguze kati ya mtande na mtande. Ukiona nyuzi mbili zinapishana hapo, umekwisha kuutambua mkono.

Njia ya tatu ni ya kuzungusha na kushona. Fungu la nyasi au mabua membamba huzungushwa kama konokono kuanzia katikati, nalo hufunikwa na uzi unaolizunguka na kulishona kwenye mzunguko wa chini yake. Hapa hakuna mtande kabisa. Ukipitisha ukucha kutoka kitakoni kwenda mdomoni utasikia vituta, kimoja baada ya kingine, navyo ndivyo mizunguko ya fungu lile.

Katibu aligawa vikapu vyake 4 kwa muda usiozidi dakika tano. Namba 38 ilikuwa ya ukili. Namba 11 na namba 52 zilikuwa za nyuzi mbili zinazosokotana. Namba 23 ilikuwa ya kuzungusha na kushona. Hapo tayari mambo mawili yalidhihirika. Kikapu cha Iringa kinachojulikana sokoni, kile kinachosukwa na akina mama wa Kihehe kwa milulu, ni cha nyuzi mbili zinazosokotana. Namba 23 na namba 38 hazikuwa na nafasi ya kuwa vikapu vya aina iliyoagizwa, hata kama pambo lao lingefanana nacho kwa kila hali. Namba 11 na namba 52 zilistahili kuchunguzwa zaidi.

Namba 11

Hiki ndicho kilichomtia mnunuzi mashaka makubwa zaidi. Aliandika katika barua kwamba ni kikapu cha Rwanda, na nilipoliona pambo nilielewa sababu. Ubavuni palikuwa na michirizi ya rangi ya kahawia iliyovunjikavunjika na kupanda kwa kujipinda, kama inavyoonekana kwenye agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka ambacho kimo hata katika nembo ya taifa la Rwanda iliyoanza kutumika mwaka 2001.

Lakini agaseke, iwe ya Rwanda au ya Burundi, ni ya kuzungusha na kushona. Fungu la nyasi limo ndani, na uzi wa katani au wa nyuzi nyingine laini umelifunika. Namba 11 haikuwa na vituta chini ya ukucha. Ilikuwa na mtande, na mtande wenyewe ulikuwa wa mabua magumu. Tulikigeuza kikapu tukatazama kitako. Katikati mabua yalikuwa yamekingamishwa, mafungu kwa mafungu, na mshindio umeanza kuzunguka palepale yalipokutana. Kadiri kitako kilivyopanuka, mabua mengine yalikuwa yamechomekwa katikati ya yale ya kwanza ili nafasi isiwe kubwa. Tulikiweka mezani, kikasimama chenyewe bila kuegemezwa.

Neno hilo la kusimama ni la kuzingatiwa. Milulu ni jamii ya mafunjo membamba yanayoota mabondeni na kando ya mito katika nyanda za juu. Yakikatwa na kukaushwa huwa magumu lakini hayavunjiki upesi, na kikapu kilichojengwa kwa mtande wa namna hiyo hushikilia umbo lake. Ukikiminya kisha ukakiachia, hurudi kama kilivyokuwa. Ukikinusa kikiwa kipya, kina harufu ya nyasi kavu za bondeni.

Ndipo tulipoondoa gazeti na kulitazama pambo kwa makini. Katika kazi ya kuzungusha na kushona, msukaji anaweza kubadili rangi wakati wowote, na kila kishono husogea kidogo pembeni mwa kile cha chini yake, ndiyo sababu michirizi ya agaseke hujipinda kwa ulaini kama maji yanayozunguka. Katika kazi ya nyuzi mbili haiwezekani hivyo. Rangi hukaa juu ya mtande huu au ule, na mchirizi hauna budi kupanda kwa ngazi. Tulipoisogeza namba 11 dirishani tuliziona ngazi hizo waziwazi. Mwanachama aliyeisuka alikuwa ameiga umbo la kigeni kwa mkono wa kwao.

Katibu alikwenda kumwuliza. Mama yule alijibu bila kusita kwamba mjukuu wake alimwonyesha picha katika simu, akapendezwa nayo. Namba 11 ilikuwa ya Iringa kamili. Mnunuzi alikuwa amekosea, kwa sababu alianza na pambo.

Namba 23

Kikapu hiki kilikuwa kizuri, wala sitaki msomaji adhani kwamba kisicho cha Iringa ni kibaya. Kilikuwa cha mizunguko myembamba iliyokazwa, na mdomo wake ulikuwa umemalizwa kwa uzi uleule ulioshonea ubavu, bila pindo la ziada. Swali lilikuwa ni lipi fungu la ndani na ni upi uzi wa nje.

Uzi wa nje ulikuwa bapa, unang'aa kidogo, na ukiutazama kwa kioo cha kukuzia haukuwa umesokotwa. Ulikuwa ni ukanda wa jani. Huo ni ukanda wa mwale, ambao wafanyabiashara huuita rafia. Katani huwa tofauti: msukaji huisokota, nawe utaona nywele zake zikichomoza.

Fungu la ndani halionekani kwa urahisi kwa kuwa limefunikwa. Mahali pa kulitafuta ni pale mzunguko wa mwisho unapokwisha mdomoni, ambapo fungu hupunguzwa taratibu mpaka liishe. Hapo Katibu alichomeka sindano kwa uangalifu, akakiinua kishono kimoja pasipo kukikata. Ndani mlikuwa na vijiti vyembamba vya manjano, vyenye tundu katikati. Alipoviminya kwa ukucha vilipasuka kwa mlio mdogo. Hayo yalikuwa mabua ya ulezi.

Rafia juu ya mabua ya ulezi ni mazoea ya magharibi ya Uganda, upande wa milima ya Rwenzori na nchi za jirani yake, ambako ugali wa ulezi ndio chakula cha heshima na huwekwa katika kikapu chake maalumu chenye kifuniko. Buganda, ambako migomba imetawala, fungu la ndani mara nyingi ni la nyuzi za mgomba. Hilo huwa laini, hubonyea bila mlio, na kikapu chake huwa kizito zaidi mkononi kwa ukubwa uleule. Basi hapa chakula cha watu kimeacha alama ndani ya kikapu chao.

Namba 23 ilifikaje Nyanda za Juu Kusini? Mwanachama mmoja alikuwa ameahidi vikapu 5 na alikuwa amemaliza 4. Siku ya kukusanya ilipokaribia alinunua kimoja kutoka kwa mchuuzi aliyetoka upande wa Bukoba. Kimo chake kilikuwa sentimita 30, kama agizo lilivyotaka, na mpokeaji alipima kimo tu.

Namba 38

Huu ulikuwa ukili wa ukindu, uliochemshwa katika rangi nyekundu na ya kijani. Ukindu ni jani changa la mkindu, linalovunwa kabla halijafunguka, likachanwa na kuanikwa mpaka liwe jeupe. Huwa jembamba, laini, lenye mng'ao. Miyaa, inayotokana na mkoche, huwa pana na kavu, nayo hufaa zaidi kwa majamvi na vikapu vya kazi ngumu.

Katibu alitaka kuandika mara moja, "Pwani." Nilimzuia. Ni kweli kwamba vikapu vya ukili uliozungushwa na kushonwa ni kazi ya Unguja, Pemba, Mafia, Lamu na mwambao wote, na mtu akikupa kimoja pasipo maelezo ungebashiri huko kwanza. Lakini mkindu hauoti pwani peke yake. Humea kando ya mito na mabwawa mpaka bara ya mbali. Na mkono wa ukili nao umesafiri: Waganda husuka ukili wa ukindu na kuushona kuwa mkeka, na kwa lugha yao wanauita omukeka, jina ambalo msomaji yeyote wa Kiswahili atalitambua. Kwa hiyo mali ghafi na mkono, vyote viwili, havikutosha.

Rangi nazo hazikutusaidia. Rangi za unga zinauzwa katika kila soko, na nyekundu ya Chake Chake ndiyo nyekundu ya Kampala. Anayebashiri mahali kwa rangi hizo anabahatisha. Tulitazama mshono wa kuunganisha ukili, tukakuta umeshonwa kwa ukindu wenyewe, jambo linalofanywa kote. Vishikio vilikuwa vya ukili uliokunjwa na kushonwa juu ya kamba.

Tulibaki hapo. Katika maelezo kwa mnunuzi Katibu aliandika: "Kikapu cha ukili wa ukindu. Si cha Iringa. Huenda ni cha mwambao, haijathibitika." Nadhani maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyomshawishi mnunuzi kuyaamini yale mengine. Baadaye yule aliyekileta alikiri kwamba alikinunua katika kituo cha mabasi, na mchuuzi hakumwambia kitu.

Tangu Zanzibar ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya mwezi Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, vikapu vimerudi mikononi mwa wanunuzi wa kila siku, na wachuuzi huvichanganya vya kila mahali katika mzigo mmoja. Katibu asishangae akiletewa vya namna hii.

Namba 52

Nimekiacha kikapu hiki mwisho kwa sababu ndicho kilichotuchukulia saa nyingi, na si kwa ugumu wa kukitambua.

Mkono ulikuwa wa nyuzi mbili zinazosokotana, kama namba 11. Lakini tulipokiweka mezani kililala. Mtande wake haukuwa wa mabua bali wa nyuzi laini, na kitako kilikuwa cha duara lisilo na pembe, kilichoanza kwa nyuzi chache zilizokingamishwa na kuongezwa kadiri kilivyopanuka. Nyuzi zote zilikuwa za katani iliyosokotwa kwa mkono. Mtu hulijua hilo kwa kuufuata uzi mmoja kwa urefu wa shibiri: unene wake hubadilika kidogo kidogo, kwa kuwa umesokotwa juu ya paja, kipande baada ya kipande. Uzi wa kiwandani huwa sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi ndio unaoumbua viondo vya kuigiza. Kwa ufupi, kilikuwa ni kiondo, mfuko wa Wakikuyu na Wakamba wa Kenya.

Pambo lake lilikuwa vitone vyeupe na vyeusi vilivyopishana kama punje za mahindi ya rangi mbili, na juu yake ukanda wa mistari ya wima. Hapa pana jambo la kufurahisha ambalo kila msukaji analijua mkononi hata kama hajalisema. Katika nyuzi mbili, mmoja ukiwa mweupe na mwingine mweusi, kila mtande hufunikwa kwa zamu: huu mweupe, unaofuata mweusi. Ikiwa nyuzi za mtande ni shufwa, mzunguko wa pili utaleta nyeupe juu ya nyeupe na nyeusi juu ya nyeusi, na mistari ya wima hutokea. Ikiwa ni witiri, mzunguko wa pili utaleta nyeusi juu ya nyeupe, na vitone hutokea. Msukaji wa namba 52 alikuwa na mtande witiri kule chini, kisha akaongeza uzi mmoja na kupata mistari. Pambo kama hilo hutokana na hesabu ya mtande, kwa hiyo laweza kuzaliwa popote penye mkono huo. Halithibitishi mahali.

Je, kiondo hiki kilikuwa cha Ukikuyu au cha Ukambani? Zamani mali ghafi ingetujibu. Kabla ya katani, Wakamba wa nyanda kavu walitumia nyuzi za gome la mbuyu, na mbuyu hauoti katika milima ya Wakikuyu, ambao walitumia magome ya vichaka vya kwao. Ukipata leo kiondo cha nyuzi za mbuyu, zenye rangi ya kahawia na ulaini wa ngozi, una haki ya kusema Ukambani. Lakini mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, ambaye kati ya miche yake aliokoa 62 tu, na kutoka mashambani katani ikaenea kila pembe. Katani haina kwao. Kiondo cha katani kinaweza kusokotwa Machakos, Nyeri, Tanga au Morogoro, na jicho peke yake halitatambua.

Katibu alikwisha kuandika, "Kimetoka Kenya," nikamwomba amtafute kwanza aliyekileta. Jina lilikuwamo daftarini. Alikuwa mwanachama wa miaka mingi, mwenye shamba na nyumba katika kijijini hicho. Katibu alimwita, akaja na mfuko wa kazi yake kwapani.

"Shikamoo, mama," Katibu alimwamkia. "Kikapu hiki ulikinunua wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Sikukinunua. Nimekisuka mwenyewe kibarazani kwangu."

Akaketi, akatoa katani, akaivingirisha juu ya goti mbele yetu, uzi ukatoka. Alikuwa amezaliwa Machakos, akaolewa huku akiwa msichana. Mkono aliofundishwa na mama yake alikuja nao, na katani aliinunua dukani. Milulu hakuwahi kujifunza. Wenzake walipoambiwa walete vikapu, alileta anachojua kusuka.

Hapo tulikuwa na kikapu kilichosukwa Iringa, na mwanachama wa Iringa, kwa mkono wa Ukambani, kwa katani isiyojulikana ya shamba gani. Mnunuzi aliuliza, "Ni cha wapi?" na kila jibu la neno moja lilikuwa la uongo kwa upande fulani. Katibu alitaka kumtetea mama yule kwa kuandika "Iringa" na kunyamaza. Mimi nilipinga, kwa kuwa mnunuzi aliagiza kikapu cha kusimama cha milulu, na hiki si hicho. Vilevile nilipinga kuandika "Kenya", kwa kuwa kungemfanya mama huyo aonekane kama wale wawili walionunua kwa wachuuzi. Tulibishana kidogo.

Mwisho tuligawa swali katika sehemu tatu: mahali kiliposukwa, mkono uliotumika, na mali ghafi. Kila moja ina jibu lake, na hakuna jibu linaloharibu jingine. Barua iliyokwenda kwa mnunuzi ilisema hivi:

"Namba 11: kimesukwa Iringa, nyuzi mbili, mtande wa milulu, pambo limeigwa. Tunaomba kipokelewe. Namba 23: hakikusukwa na mwanachama, kuzungusha na kushona, rafia juu ya mabua ya ulezi, magharibi ya Uganda. Tunakiondoa. Namba 38: hakikusukwa na mwanachama, ukili wa ukindu, huenda mwambao, haijathibitika. Tunakiondoa. Namba 52: kimesukwa Iringa na mwanachama, nyuzi mbili, katani, mkono wa Ukambani. Si aina iliyoagizwa. Tunakiondoa katika agizo hili, na tunauliza kama kinahitajika kwa bei yake."

Mnunuzi alilipa vikapu 57. Kwa namba 52 aliuliza kama mama yule anaweza kusuka 10 zaidi.

Daftari la mapokezi la chama kile sasa lina safu tatu mpya baada ya jina la mwanachama. Mpokeaji huzijaza siku kikapu kinapoletwa, mwenye kikapu akiwapo, kwa maana baada ya majuma sita si kila mtu atakumbuka alichokileta.